Mifuko ya Mwenyekiti

Romanus Haule ana sauti nzito ya kusomea masomo ya Jumapili, na anaitumia hata anapoomba chumvi. Ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Lizaboni, na tangu achaguliwe hajawahi kusema jambo bila kulikoholea kwanza. Watu wa jumuiya wanampenda. Mimi siwashangai, kwa sababu watu wa jumuiya yetu humpenda yeyote anayevaa koti wakati wa jua kali.

Mwaka huo mavuno yangu yalikuwa gunia moja na nusu, na debe moja la juu. Ndiyo mahindi yote ya shamba langu, na yalitakiwa kunifikisha hadi mavuno mengine. Mume wangu alishafariki, na pensheni yangu ya upishi wa shule ya bweni naijua mimi na Mungu. Mwaka uliotangulia dumuzi na fukusi, wale wadudu wa mahindi, walinimaliza. Niliweka mahindi kwenye kiroba cha kawaida, nikapaka dawa niliyouziwa na mtu mwenye mkokoteni, na kufika Krismasi nilipofungua kiroba kulitoka unga. Unga huo haukusagwa na mashine yoyote. Nilipika ugali mchungu, nikala huku nikiwatukana dumuzi mmoja mmoja.

Sasa niseme kwa nini jambo hili lilinikosesha usingizi. Jumuiya yetu ina desturi. Chakula kikikuishia kabla ya wakati, siku ya sala linawekwa beseni katikati ya sebule ya mwenye zamu, kila mtu anamimina bakuli lake la mahindi, na mwenyekiti anamtaja kwa sauti kila aliyetoa, ili na wewe unayepewa usikie vizuri ni nani amekusaidia. Romanus huyafurahia mabeseni hayo kuliko Pasaka. Nilishamwona akimtajia bibi wa watu majina ya wafadhili wake huku bibi ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Nikaapa kwamba beseni lile halitakaa mbele yangu nikiwa hai.

Mwezi wa nane, mahindi yakiwa bado juu ya maturubai, Romanus akasimama kwenye sala, akakohoa.

"Wapendwa, dumuzi ni adui wa familia. Nimewaletea mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Humo ndani mdudu hapati pumzi, anakufa mwenyewe bila dawa. Nimeichukua kwa wakubwa, nawapa kwa bei ya kindugu."

Hayo ya pumzi yalikuwa kweli, na sote tuliyajua. Msimu uliopita bwana shamba alikuja kutuonyesha mifuko hiyo kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Alitoa nailoni mbili nzito, moja ndani ya nyingine, na kiroba cha nje kikiwa cha tatu. Akapulizia kila nailoni hewa, akaisokota shingo, akaikandamiza kwa magoti. Ikabaki imevimba kama mto wa kulalia. Akasema, ikitoa hewa hata kidogo usinunue, maana panapotoka hewa ndipo inapoingia. Jumuiya nzima ilikuwapo. Walikunywa soda za bwana shamba, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani na ujuzi wote kichwani.

Lakini Romanus anawajua watu wake. Jumapili ya shukrani ya mavuno alipeleka mifuko yake kanisani, imekunjwa vizuri na kufungwa utepe mweupe, akaiweka chini ya altare pamoja na maboga na miwa. Padre akabariki mazao yote kama kawaida, maji ya baraka yakarukia na mifuko. Padre wa watu angejuaje? Yeye alibariki alichokiona mbele yake. Basi ikaisha hapo. Nani tena angefungua utepe aanze kupuliza mfuko uliobarikiwa, kama anayempima padre pumzi? Waliibeba nyumbani juu ya vichwa, taratibu, wengine wameivika kanga.

Na mimi nilinunua. Nisijifanye malaika. Nilinunua kwa sababu nyumba yangu ilikuwa karibu na mifuko, na duka la pembejeo lilikuwa mbali na miguu yangu. Lakini nilipofika nyumbani nilikata utepe kwa kisu cha mboga. Ndani nikakuta nailoni moja tu, nyepesi kama ile wanayofungia mkate. Nikaipuliza. Nikaisokota shingo, nikaikalia. Ikapumua taratibu kwenye mshono wa chini, fyuuu, mpaka nikagusa sakafu.

Nikacheka peke yangu, cheko baya.

Jirani yangu Pamela alikuwa uani kwake akipeta. Pamela ni mama wa mapacha, mumewe Remmy anaendesha bodaboda pale stendi, na wao walikuwa wamepata magunia mawili. Nikamwita, nikamwonyesha mfuko unavyotoa hewa. Akaweka mkono mdomoni.

"Mama Benigna! Umeupuliza?"

"Nimeupuliza na nimeukalia. Na wa kwako uupulize."

"Mimi siwezi, mama. Umebarikiwa ule."

"Padre alibariki mahindi yako, Pamela. Hakuziba mashimo ya Romanus."

Aliniangalia kwa huruma, namna watu wanavyomwangalia mlevi mwenye nguo nzuri. Alinipenda, nikajua hivyo, lakini aliniona nimepotoka. Jumamosi iliyofuata habari ilishafika kwenye sala. Romanus hakunitaja jina, maana watu wa namna yake hawataji. Alisali tu, kwa sauti ile nzito, kuwaombea "wale wanaopima baraka kwa midomo yao." Amina ikaitikiwa, na macho yote yakaja kwangu. Walininunia wiki nyingi. Hata salamu ya Tumsifu Yesu Kristo nikawa naitikiwa kwa mdomo wa pembeni.

Nikaenda sokoni mjini kutafuta mfuko wa kweli.

Duka la Alfani nilielekezwa na mwanamke anayeuza mbegu. Alisema, "Nenda kwa yule Myao, ana roho mbaya lakini mali yake nzuri." Nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, kofia imemteleza hadi nyusi, anasikiliza redio. Kwao ni Nakapanya, kule Tunduru, wanakolala na korosho na kuamka na korosho. Sisi Wangoni na Wayao ni watani, kwa hiyo sikuhangaika na adabu nyingi.

"Shikamoo mama," akasema bila kunyanyuka.

"Marahaba. Nimeambiwa Myao anauza vitu visivyo bandia. Nikasema huo muujiza lazima niuone kwa macho."

"Na mimi nimeambiwa Mngoni ana mahindi yaliyobaki baada ya pombe. Nikasema siamini." Akazima redio. "Unataka nini?"

"Mfuko wa kinga njaa. Mmoja, mkubwa, ule wa gunia zima. Hiyo nusu nitaishindilia juu."

"Mahindi yamekauka?"

"Nimeyang'ata. Yanalia."

"Meno yako ya mwaka gani?"

Nikamtazama vibaya. Akaendelea kama hakuniona. Akaniambia nikachukue chupa ya kioo, kavu, nitie mahindi, niongeze chumvi kavu vijiko kadhaa, nitikise, niiache kidogo. Chumvi ikigandia kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka yote chini, yamekauka.

"Nikishafanya hivyo?"

"Ndipo urudi ununue."

"Yaani hutaki kuniuzia leo?"

"Leo siuzi. Ukifungia mahindi mabichi kwenye nailoni yataota ukungu, yatanuka, halafu utakuja hapa na Wangoni wenzako kunizomea. Nenda."

Nilipanda bodaboda kurudi Lizaboni nikimtukana njia nzima. Dereva akadhani namtukana yeye, akapunguza mwendo. Mtu ana duka, mteja amesimama na hela mkononi, halafu anamfukuza! Nikasema moyoni, hawa watu wa korosho akili zao zimebanguliwa. Lakini nilifanya ile chupa, kwa hasira, ili nikamwonyeshe. Chumvi ikagandia kioo chote.

Nikayaanika tena juani, nikiyageuza kwa mikono na kuchambua punje zilizovunjika na vipande vya magunzi, mpaka chumvi ikaanguka chini bila kushika popote. Nikarudi dukani na ile chupa kwenye kikapu. Alfani aliiinua kwenye mwanga, akaitikisa, akairudisha. Sifa hakunipa, na mimi sikuitaka.

"Ni kiasi gani?"

"Nilikwambia, gunia na nusu. Debe moja nimeacha nje la kula sasa."

"Basi usichukue mkubwa. Chukua mitatu midogo, ya nusu gunia."

"Ili uuze mitatu badala ya mmoja. Myao ni Myao."

"Sikiliza, mtani. Wewe una mahindi machache. Ukiyatia yote mfuko mmoja, kila wiki utaufungua uchote. Kila ukifungua unawapelekea wadudu hewa, nao wanakushukuru. Mwenye magunia hamsini anaweza kula mfuko mmoja na kuisahau mingine. Wewe huna cha kusahau. Kwa hiyo mitatu midogo. Unakula mmoja, miwili inalala."

Nikahesabu hela ya mitatu, na jambo hilo lilinichukiza.

Akaitoa mifuko mitatu. Kila mmoja akautandua mbele yangu, akatoa nailoni zake mbili, akazipuliza moja moja, akasokota, akakandamiza kwa kifua. Ya kwanza ikashika. Ya pili ikashika. Kwenye mfuko wa tatu nailoni ya ndani ikalegea kidogo, hata mimi sikuiona, akaweka shavu lake karibu na mshono akasikiliza. Kisha akautupa mfuko mzima kwenye kona.

"Huo?"

"Unarudi kwa aliyeniuzia. Nina risiti yake, na wewe utakuwa na yangu." Akachukua mwingine, akaanza upya. "Unajua kwa nini nafanya mbele yako? Nikifanya nyuma ya kaunta utaniamini kwa sababu ya kofia yangu. Mimi sitaki kuaminiwa kwa kofia."

Hapo ndipo nilipomtajia Romanus. Nilimweleza koti, utepe mweupe, nailoni ya mkate. Nilitegemea atacheka, maana hakuna kitu kinachomfurahisha mfanyabiashara kama aibu ya mwenzake. Alfani akakunja midomo tu.

"Haule wa Lizaboni? Mwenye sauti?"

"Unamjua?"

"Wateja wangu siwataji, mama. Wallahi hata wewe sitakutaja."

Nikadharau na hilo. Nikaona anajifanya benki. Akanionyesha kufunga: unajaza nailoni ya ndani, unaacha shingo, unakandamiza hewa yote itoke, unasokota mpaka ikaze, unaikunja shingo juu yake yenyewe, unafunga. Halafu nailoni ya pili vilevile, halafu kiroba cha nje. Vifungo vitatu, kila kimoja peke yake. Akanipa vipande vya tyubu ya baiskeli alivyovikata mwenyewe, vyekundu, vipana kama kidole gumba. Kamba ya katani inalegea, akasema, mpira haulegei. Akaniambia nisiweke mifuko sakafuni wala nisiiegemeze ukutani, iwe juu ya banzi la mbao, mbali na panya na mbali na moshi wa jikoni. Kisha akaishika shingo ya mfuko, akanipa niishike.

"Sugua kwa vidole. Unahesabu?"

Nikasugua. Kiroba cha kukwaruza, chini yake nailoni ikiteleza, chini yake nailoni nyingine ikiteleza juu ya mwenzake.

"Tatu," nikasema.

"Basi hata gizani huwezi kudanganywa."

Nilifunga mifuko yangu, nikaiweka chumbani juu ya banzi, nikakaa. Watu wanafikiri kuhifadhi ni kazi. Kazi ni kutokufungua. Mwezi wa tisa nilipita karibu na mifuko ile kila siku, mkono ukiwasha. Pamela alinisimulia kuwa Romanus anawahimiza watu kufungua mifuko yao mara kwa mara "kushukuru kwa macho." Mimi nikala debe langu la nje, nikaongeza viazi na maboga. Debe lilipoisha nikafungua mfuko wa kwanza. Juu kabisa fukusi wachache walikuwa wamelala miguu juu, wakavu. Punje zilikuwa nzima, na zilipoingia kwenye bakuli zililia kama kokoto. Nilitia moja mdomoni nikaivunja. Nilifurahi, na sioni haya kusema kwamba furaha yangu ilikuwa na sura ya Romanus akiwa amefumba mdomo.

Furaha hiyo haikudumu. Kabla ya Krismasi Pamela alikuja mlangoni na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na mahindi yake, kila punje imetobolewa, na alipolitikisa likatoa vumbi jeupe, na ndani ya vumbi dumuzi wakitembea bila wasiwasi wowote, kama wenye nyumba. Mfuko wa Romanus walishautoboa, una vitundu vidogo kila mahali. Mapacha walikuwa nyuma yake, mmoja ameshika sketi.

"Yote?" nikauliza.

"Magunia yote mawili, mama."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, niliyaandaa tangu mwezi wa nane, na yalikuwa maneno mazuri. Nikayameza. Nikampa debe. Lakini debe halivuki mvua zote na watoto wawili, na mimi mwenyewe nilikuwa nimebakiwa na mifuko miwili tu. Remmy kwenye bodaboda siku za mvua anapata matope.

Nyumba baada ya nyumba ikawa hivyo hivyo. Na Romanus alisema nini? Alisema kwenye sala kwamba watu walifungua fungua mno, kwa imani haba. Akasahau aliyewahimiza. Watu wakainamisha vichwa wakajilaumu. Jamani! Wameuziwa mfuko wa mkate, wameliwa chakula cha mwaka, halafu wanaungama wao. Kondoo akipotea angalau hulia.

Mwezi wa kwanza zamu ya sala ikaangukia nyumbani kwa Romanus. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua inapiga bati, na sebule imejaa. Tuliambiwa kila mmoja aje na bakuli la mahindi, wale waliobakiwa, kwa ajili ya Pamela. Beseni lilikuwa katikati, la plastiki, la bluu. Pamela amekaa sakafuni mbele yake, mapacha kila mmoja kwenye goti, na kidevu chake kimeshafika kifuani kabla sala haijaanza. Beseni nililoapa kulikwepa lilikuwa mbele ya mtu niliyemwonya mimi.

Romanus akasimama. Koti lipo, kikohozi kikafuata.

"Wapendwa, jaribu hili halikuchagua mtu. Hata mimi mwenyekiti wenu dumuzi hawakunisaza. Nimebaki na vumbi. Kwa hiyo leo nitatoa sala tu, sina cha kuweka kwenye beseni. Mungu anajua."

"Pole, mwenyekiti," watu wakasema. Wengine walimwonea huruma kweli. Mmoja alitoa leso.

Watu waliendelea kuingia kutoka kwenye mvua, nafasi ikaisha. Mkewe Romanus anaitwa Dorine, mwanamke mkimya, miaka yote anapita na chai nyuma ya sauti ya mumewe. Aliniinamia sikioni.

"Mama Benigna, nisaidie. Chukua mkeka chumba cha uani, nyuma ya mlango."

Sijui kama alisahau kilichokuwa humo, au alichoka kukumbuka. Mpaka leo sijamuuliza.

Chumba kile hakikuwa na dirisha. Mkeka ulikuwa pale pale nyuma ya mlango. Mbele yake palikuwa na bunda la mifuko ya Romanus ambayo haikuuzwa, bado na utepe mweupe. Na nyuma ya bunda, juu ya banzi, mbali na ukuta, ilikuwapo mifuko minne imesimama imenona. Nikapeleka mkono gizani. Nikagusa mpira, mpana kama kidole gumba. Nikasugua shingo ya mfuko.

Kiroba. Nailoni. Nailoni.

Nikahesabu tena, taratibu, kwa sababu nilitaka kufurahia. Tatu. Mwenyekiti wetu alikuwa mteja wa Myao. Alijua vizuri kabisa mfuko mzuri unapatikana wapi na unafungwaje, akajinunulia, akalaza mahindi yake salama, halafu akatuuzia sisi ile ya mkate na baraka juu yake. Muda wote ule nilimdharau kama mjinga. Nilikuwa nimempunguzia makosa.

Sebuleni walianza wimbo. Ni wimbo wenye beti nyingi, nikashukuru. Nikafungua mpira wa nje, nikafungua wa kati, nikafungua wa ndani. Harufu ikatoka, ile tamu ya mahindi ya mwezi wa nane. Palikuwa na bakuli la bati juu ya banzi, nikalijaza mpaka likafanya kichuguu. Kisha nikakandamiza hewa, nikasokota, nikakunja, nikafunga vyote vitatu kama nilivyofundishwa. Sikutaka mtu aseme Benigna ameharibu chakula cha watu.

Nilirudi na mkeka kwapani, bakuli langu mkono mmoja, bakuli la bati mkono mwingine nimelifunika na kanga. Nikatandika mkeka. Zamu ya kumimina ikafika. Kila mtu alimimina, Romanus akataja. Mabakuli yenyewe yalikuwa ya huzuni, nusu punje nusu vumbi. Nilipomimina langu akasema kwa shida, "Mama Benigna," akageuka haraka kwa anayefuata.

"Bado, mwenyekiti," nikasema. "Nina la pili."

Nikaondoa kanga. Nikamimina polepole, kutoka juu. Mvua ilikuwa imepungua kidogo na sebule nzima ilisikia. Punje nzima, kavu, nyeupe, zikigonga plastiki moja moja, zikirukaruka.

"Hili ni la Romanus Haule," nikataja kwa sauti, kama desturi inavyotaka. "Mwenyekiti wetu. Limetoka chumba cha uani, kwenye mifuko yake minne. Tumpe asante."

Hakuna aliyetoa asante. Pamela aliokota punje moja kutoka kwenye beseni, akaitia mdomoni, akaing'ata. Ilivunjika kwa mlio ambao hata Romanus aliusikia. Akainua kidevu. Akamtazama mwenyekiti, na hakuangalia tena chini.

Romanus akakohoa. Akakohoa tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, baada ya kikohozi hakikufuata kitu.

"Nimeufunga vizuri, usihofu," nikamwambia. "Hewa haijaingia nyingi."

Ndipo Dorine alipoweka sinia la chai chini. Alijifuta mikono kwenye kitenge chake, akanigeukia mimi, siyo mumewe.

"Umefunga mipira mingapi, mama?"

"Mitatu."

"Basi nitaifungua yote mitatu," akasema, akaenda uani. Tukasikia mfuko ukiburutwa sakafuni, unakuja.